Kuegemea hisa za bei nafuu na kampuni ndogo: mwongozo kamili kwa mwekezaji wa kawaida nchini Uganda

Wasomaji kadhaa wameniandikia wakieleza kwamba wameanza kuegemeza akiba zao upande wa hisa za bei nafuu na kampuni ndogo, kisha wakaeleza walichofanya, na karibu wote wamekosea mahali pale pale. Wamenunua hisa za kampuni moja au mbili zinazoonekana rahisi katika Soko la Hisa la Uganda na kudhani kazi imekwisha. Mwongozo huu unapita hatua moja moja, kuanzia uamuzi wa kama jambo hili linakufaa hata kidogo. Niseme mapema kwamba wengi watakaofika hatua ya tatu hawatakuwa na sababu ya kwenda ya nne, na hilo si kosa lao.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Hisa ya bei nafuu ni ile ambayo bei yake sokoni ni ndogo ikilinganishwa na mali halisi za kampuni zilizoandikwa vitabuni. Kampuni yenye mali halisi za shilingi bilioni 100, ambayo hisa zake zote sokoni zina thamani ya bilioni 70, ina uwiano wa 0.7. Kampuni ndogo ni ile ambayo hisa zake zote kwa pamoja zina thamani ndogo sokoni, hata kama ina wafanyakazi wengi. Kuegemea ni kuchukua mfuko wa uwekezaji unaoshika hisa za soko zima la dunia na kuongeza kwa makusudi uzito wa makundi haya mawili kupita uzito yaliyo nao sokoni, kwa matumaini kwamba katika muda mrefu yatazaa ziada juu ya faida ya soko.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na akiba ya dharura ya miezi sita ambayo haimo katika mpango huu, na usiwe na deni la gharama kubwa, iwe kwenye SACCO au kwa mkopeshaji wa simu. Uwe na akaunti kwa dalali anayekuruhusu kununua mifuko inayouzwa katika soko la London, pamoja na orodha ya makato yake yote. Pata karatasi ya taarifa ya kila mfuko unaoufikiria, ile ya kurasa mbili au tatu inayotolewa kila mwezi. Uwe na Google Sheets au programu nyingine ya hesabu. Mwisho, pesa zenyewe ziwe ambazo hutazigusa kwa miaka 15. Ukiwa na miaka mitano tu, ishia hapa.

## Hatua ya 1: Ondoa soko la Kampala katika mpango huu

Sina ugomvi na soko letu, na mimi mwenyewe nina hisa humo. Tatizo ni la hesabu. Ziada inayotarajiwa kutoka kwa hisa za bei nafuu huonekana pale mamia ya hisa yanapowekwa katika kapu moja, kwa sababu kila hisa ina mkosi wake na bahati yake, na kapu kubwa ndilo linalozifanya zifutane ili kibaki kile ambacho hisa zote zinashiriki. Kampuni za nyumbani zilizoorodheshwa Kampala hazifiki 20, na chache kubwa, kama MTN Uganda, Airtel Uganda na Stanbic, zimebeba sehemu kubwa ya thamani. Ukichagua mbili kati ya zilizobaki, umeweka dau juu ya mameneja wawili na vitabu viwili vya hesabu.

Kampuni ya Umeme inatufundisha vizuri. Kwa miaka mingi bei ya hisa yake ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na faida yake, na aliyetazama uwiano peke yake aliiona kuwa zawadi. Soko lilijua jambo ambalo uwiano haukusema: mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme ulikuwa na tarehe ya mwisho, 31 Machi 2025, na fidia ya baada ya hapo ilikuwa jambo la kubishaniwa. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu. Katika kapu la hisa 900 sababu ya aina hiyo haikuumizi sana, lakini katika kapu la hisa mbili ndiyo hatima yako.

Onyo la pili ni la kuuza. Miaka kadhaa iliyopita niliweka oda ya kuuza hisa za kampuni moja ndogo sokoni hapa. Niliiweka Jumatatu asubuhi nikidhani fedha zitaingia wiki hiyo. Wiki ya tano ndipo nusu ya hisa zilipopata mnunuzi, na kwa bei ya chini kuliko ile iliyokuwa ikionyeshwa kwenye ubao siku zote hizo. Bei ya hisa isiyouzwa ni maoni tu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema, kwa maneno yako, hisa zako za Kampala ziko kwa sababu gani, bila kutaja kuegemea.

## Hatua ya 2: Weka hati fungani za serikali mezani

Watu huruka hatua hii kwa sababu miongozo mingi wanayosoma imeandikwa kwa ajili ya nchi ambako serikali hulipa asilimia tatu au nne. Katika miaka ya karibuni hati fungani za muda mrefu za Serikali ya Uganda zimelipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, na zile za miaka 10 na kuendelea hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya riba badala ya 20. Riba ya asilimia 15 inabaki 13.5 baada ya kodi. Unaweza kuanza na shilingi 100,000.

Sisemi kwamba hati fungani zinashinda hisa za dunia. Zimo katika shilingi, zina hatari ya serikali moja, na shilingi inaweza kushuka dhidi ya dola katika miaka unayoshika karatasi hiyo. Ninachosema ni kwamba mgawanyo kati ya hati fungani za shilingi na hisa za dola utaamua matokeo yako mara nyingi zaidi kuliko mwegemeo wowote utakaouongeza ndani ya sehemu ya hisa. Mtu ambaye hajaandika mgawanyo huo, kwa mfano asilimia 60 kwa 40, anapanga mapazia kabla ya kuezeka nyumba.

Umefaulu ukiwa na namba mbili zilizoandikwa, zinazojumlika kuwa 100.

## Hatua ya 3: Fanya hesabu ya kama inalipa

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tumchukue mwalimu wa sekondari huko Mukono ambaye sehemu yake ya hisa za dunia imefika dola 10,000. Anataka kuhamisha asilimia 20, yaani dola 2,000, kwenda mfuko wa kampuni ndogo za bei nafuu. Tukadirie kwamba mfuko huo utaushinda mfuko wa dunia kwa asilimia 2 kwa mwaka katika muda mrefu. Hili ni kadirio la kufanyia hesabu, si ahadi. Ziada ni dola 40 kwa mwaka.

Sasa toa. Mfuko wa kuegemea hugharimu zaidi. Tuseme asilimia 0.4 kwa mwaka dhidi ya 0.2, tofauti ya dola 4 juu ya zile 2,000. Kuwa na mfuko wa pili kunamaanisha manunuzi ya ziada, tuseme mawili kwa mwaka kwa dola 4 kila moja, yaani dola 8. Zinabaki dola 28. Kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, hizo ni kama shilingi 103,600 kwa mwaka, kwa mtu mwenye shilingi milioni 37 katika hisa.

Rudia hesabu hiyo kwa mwenye dola 1,000. Ziada ni dola 4, gharama ya mfuko ni senti 40, manunuzi bado ni dola 8. Anapoteza dola 4.40 kila mwaka hata kama nadharia ni sahihi kabisa. Kwa makato haya, mahali ambapo mwegemeo wa asilimia 20 unaanza kujilipa ni karibu dola 2,200. Ukikadiria ziada ya asilimia 1 badala ya 2, kizingiti kinapanda hadi dola 5,000. Weka makato ya dalali wako mwenyewe katika hesabu hiyo:

```
kizingiti = manunuzi / (sehemu * (ziada - tofauti_ya_gharama))
8 / (0.20 * (0.02 - 0.002)) = 2222
```

Kwa nini nishauri ukadirie ziada kwa unyonge? Watafiti McLean na Pontiff, katika kazi iliyochapishwa 2016, walipima makumi ya mbinu za aina hii na kukuta kwamba baada ya kuchapishwa faida zake zilipungua kwa wastani wa asilimia 58. Wengine wakijua njia, njia hujaa watu. Tena ziada ya kampuni ndogo peke yake ndiyo dhaifu zaidi kati ya hizi mbili. Imeonekana zaidi pale udogo unapokutana na bei nafuu, ilhali kampuni ndogo za bei ghali zisizo na faida zimekuwa kundi baya kwa muda mrefu.

Hesabu upande wa pili pia. Mwaka ambao mfuko wa kuegemea unabaki nyuma ya dunia kwa asilimia 15 si wa ajabu. Kwa mwalimu wetu pengo hilo ni dola 300, zaidi ya shilingi milioni 1.1, yaani ziada yake halisi ya zaidi ya miaka 10 imepotea ndani ya miezi 12. Na miaka mibaya hufuatana: kuanzia 2007 hadi 2020 hisa za bei nafuu nchini Marekani zilibaki nyuma ya hisa ghali, muda wa kutosha mtoto kuanza chekechea na kumaliza sekondari ya chini.

Umefaulu ukiwa na kizingiti chako kwenye karatasi na ukajua uko upande gani. Aliye chini ya kizingiti anunue mfuko mmoja wa soko lote la dunia na aache hapo; mwongozo uliobaki haumhusu kwa sasa.

## Hatua ya 4: Chagua mfuko kwa kusoma karatasi yake, si jina lake

Anza na nchi ambako mfuko umesajiliwa. Tazama namba ya utambulisho, ile iliyoandikwa `ISIN`. Ikianza na `IE`, mfuko ni wa Ireland. Ikianza na `US`, ni wa Marekani. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la mfuko wa Marekani hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia, hata ukijaza fomu ya `W-8BEN` ya kuthibitisha kwamba wewe si mkaazi wa Marekani. Mfuko wa Ireland hukatwa asilimia 15 tu kwa gawio la hisa za Marekani zilizomo ndani yake. Kwa mfuko unaotoa gawio la asilimia 2 tofauti hiyo ni kama asilimia 0.3 kwa mwaka kwa sehemu ya Marekani, na kumbuka kwamba tunapigania asilimia 1 au 2.

Kuna jambo zito zaidi ambalo madalali hawalitaji. Mgeni asiyeishi Marekani akifariki akiwa na mali za Marekani zinazozidi dola 60,000, zikiwemo hisa na mifuko iliyosajiliwa huko, warithi wake wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Mfuko wa Ireland hauhesabiwi kuwa mali ya Marekani.

Kisha tafuta mstari wa `Price/Book`, yaani ule uwiano wa bei kwa mali halisi niliouelezea mwanzoni. Mfuko wa dunia nzima siku hizi huonyesha zaidi ya 2.5; mfuko ulioegemea kweli bei nafuu hukaribia 1. Ukikuta mfuko wenye neno `Small Cap` katika jina lakini uwiano wake ni 2, unanunua kampuni ndogo bila bei nafuu, yaani ile nusu iliyo dhaifu.

Mwisho, tazama nchi. Mfuko wa kampuni ndogo za Marekani peke yake unakuegemeza pia upande wa Marekani, na huo ni uamuzi mwingine ambao hukuufanya. Mfuko unaoshika kampuni ndogo za nchi nyingi ni salama zaidi kwa mtu asiyetaka kufikiri juu ya hilo.

Mkaazi wa Uganda hutozwa kodi kwa mapato yake ya duniani kote, kwa hiyo tunza kila taarifa ya dalali tangu ununuzi wa kwanza. Kuzitafuta baada ya miaka tisa ni adhabu.

## Hatua ya 5: Pima mwegemeo wenyewe

Hatua hii inawashinda wengi, ingawa ni kazi ya saa moja. Inajibu swali moja: ukiweka dola 2,000 katika mfuko huu, umeegemea kiasi gani hasa?

Fungua tovuti ya `Kenneth R. French - Data Library` na upakue faili la mwezi kwa mwezi la `Fama/French Developed 3 Factors`. Ni bure. Safu zake ni `Mkt-RF`, ziada ya soko zima. `SMB`, tofauti kati ya kampuni ndogo na kubwa. `HML`, tofauti kati ya hisa za bei nafuu na ghali. Na `RF`, riba isiyo na hatari. Chukua bei za mfuko za mwisho wa mwezi kwa miezi 61, upate mabadiliko ya miezi 60.

Katika karatasi ya hesabu, safu ya B iwe faida ya mfuko kwa mwezi ukiondoa `RF`, na C, D na E ziwe `Mkt-RF`, `SMB` na `HML` kwa mpangilio huo. Andika fomula hii, inayokadiria mfuko hufuata kila moja ya safu hizo tatu kwa kiasi gani:

```
=LINEST(B2:B61, C2:E61, TRUE, TRUE)
```

Karibu kila aliyeniletea majibu ya ajabu amejikwaa katika moja ya mambo matatu. La kwanza ni kwamba fomula hii hutoa majibu kinyume: kutoka kushoto unapata `HML`, kisha `SMB`, kisha soko, kisha namba ya kudumu. Msomaji mmoja aliniandikia kwa furaha kwamba mfuko wake una mwegemeo wa bei nafuu wa 0.97, alikuwa akisoma kwa mpangilio wa safu zake, na hiyo 0.97 ilikuwa ya soko. La pili ni kwamba faili hilo huandika asilimia 2 kama 2 na si 0.02, kwa hiyo faida ya mfuko lazima iandikwe vivyo hivyo. La tatu ni sarafu: takwimu za faili ni za dola, na mfuko wa London huweza kuwa na bei za pauni na za dola pembeni kwa pembeni. Chukua za dola, na upendelee mfuko unaolimbikiza gawio ndani, kwa sababu bei ya mfuko unaoligawa huficha sehemu ya faida.

Tuseme umepata soko 1.0, `SMB` 0.6 na `HML` 0.4. Mstari wa pili wa majibu una makosa ya makadirio. Gawanya kila namba ya juu kwa iliyo chini yake, na jibu likizidi 2 unaweza kuiamini. Ukikadiria asilimia 2 kwa kila moja, 0.6 na 0.4 kwa pamoja zinakupa ile asilimia 2 niliyoitumia katika hatua ya tatu, sikuitoa hewani. Lakini kwa kuwa umeweka asilimia 20 tu, kapu lako zima limeegemea 0.12 na 0.08. Ni kidogo, na watu wengi wakiziona namba hizi ndipo wanapoelewa kwamba walikuwa wakibishana juu ya chumvi ya kijiko kimoja katika sufuria la watu 50.

Umefaulu ikiwa `HML` na `SMB` zote ni chanya, zinazidi 0.3, na zinaaminika. `HML` ikiwa karibu na sifuri, jina la mfuko limekudanganya; rudi hatua ya nne.

## Hatua ya 6: Nunua, na uandike kanuni kabla ya kununua

Usitume fedha nje kidogo kidogo. Ukiweka shilingi 300,000 kwa mwezi na kutuma kila robo mwaka, unatuma kama dola 243. Benki ikikata dola 25, zaidi ya asilimia 10 imekwenda kabla hujanunua chochote. Ukituma mara moja kwa mwaka, kama dola 973, makato yale yale ni asilimia 2.6. Katika kipindi cha kusubiri fedha zinaweza kukaa katika mfuko wa pamoja wa soko la fedha hapa nyumbani zikipata riba.

Fedha za kila mwaka zikifika, nunua kile kilichopungua. Ukitaka 80 kwa 20 na mwegemeo umeshuka hadi 17, fedha mpya ziende huko. Ukipanda hadi 23, zote ziende mfuko wa dunia. Kwa njia hii huuzi kitu na makato yanabaki madogo.

Kanuni iandikwe kwenye karatasi, iwe na tarehe na sahihi, na mtu wa pili nyumbani aisome. Ya kwangu ina mistari mitatu: sehemu ya mwegemeo haitazidi asilimia 20, haitapunguzwa kwa sababu ya matokeo ya chini ya miaka 15, itaondolewa tu ikiwa gharama ya mfuko itapanda kupita asilimia 0.6 au hesabu ya hatua ya tano ikirudiwa itaonyesha `HML` imeshuka chini ya 0.2.

Mstari wa pili ndio unaovunjwa. Mtu huanza mwegemeo baada ya miaka mitatu mizuri, huvumilia minne mibaya, kisha huuza mwaka wa tano na kurudi mfuko wa dunia, akiwa amelipa makato ya kuingia na kutoka na kupata upande mbaya peke yake. Mke wangu alipoisoma karatasi hiyo aliuliza kama mwaka wa saba wa kubaki nyuma nitaweza kunyamaza wakati shemeji anasimulia faida zake mezani. Nilifikiri kidogo, nikafuta 20 nikaandika 10.